Mafunzo Niliyopata kwa Kulisemesha Dawati

Hapa Kamembe, wilayani Rusizi, nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi kuandaa mashairi ya mashindano ya uandishi. Mada moja ilitutoa jasho kuliko zote: dawati kuukuu la shule linawakumbuka wanafunzi wa vizazi na vizazi. Shairi lenyewe tuliliandika kwa Kiswahili, tarbia ya beti saba. Haya ndiyo yaliyobaki kichwani mwangu.

1. Dawati halina macho

Karibu kila mtoto huanza na mstari wa aina hii: "Nimewaona watoto, wakubwa na hata wadogo." Una kasoro mbili. Ya mizani nitaifikia. Ile kubwa ni kwamba dawati haliwezi kumwona mtu. Linajua uzito, joto, unyevu na mtikisiko. Linajua kiwiko, goti linalogonga kwa chini, ncha ya bikari na kisigino kwenye ule ubao wa kuwekea miguu. Likianza kueleza rangi ya sare au tabasamu la mwalimu, msomaji anatambua mara moja kwamba anayesema ni mtu aliyejificha nyuma ya mbao.

Basi niliwapa sharti moja: kila kitendo katika shairi kipite kwenye mbao kwanza. Yule aliyekuwa na "nimewaona" alikaa kimya kidogo, akakumbuka jinsi wanavyofika shuleni msimu wa mvua baada ya kupanda vilima vyetu, akaandika:

Nimebeba wenye mvua, visigino vya matope

Hapo hakuna tena wakubwa wala wadogo, lakini watoto wapo, na wamelowa.

2. Historia iingie kwa mlango wa dawati

Shairi la vizazi linadai miaka, na miaka ina tabia ya kuligeuza shairi kuwa kitabu cha historia. Dawati halijui tarehe. Ndiyo maana nilipenda tetemeko la tarehe 3 Februari 2008, lililoitikisa Bukavu ng'ambo ya mto Rusizi pamoja na upande wetu huu. Ilikuwa Jumapili asubuhi. Watu wengi walikuwa kanisani, na wengine walikufa humo kuta zilipoanguka. Madarasa yalikuwa matupu. Kwa hiyo dawati lina jambo la kusimulia ambalo hakuna mwanafunzi aliyelishuhudia: sakafu ilitikisika na hakuna aliyekuwa amekaa.

Mwaka 1994 ni mgumu zaidi, na hapa nilikuwa mkali. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza shule zikiwa kwenye likizo ya Pasaka. Mtoto mmoja alitaka dawati lieleze mapanga na damu. Nilimuuliza: dawati lako lilikuwa wapi siku hizo? Lilikuwa ndani ya darasa lililofungwa. Linaweza kusema nini kwa haki? Tulibaki na hili:

Likizo ilirefuka, sikusikia kengele

Halafu shule zilipofunguliwa tena:

Watatu sasa wawili, nafasi yake baridi

Mstari huo wa pili haumtaji aliyekosekana wala yaliyompata. Nadhani ndio bora katika shairi zima, na sikuuandika mimi.

3. Vizazi vitofautishwe kwa kitu kinachosikika

"Wakaja wengine, wakaondoka, wakaja wengine" si vizazi, ni foleni. Lazima pawe na alama inayobadilika. Rwanda inayo moja iliyo wazi kabisa. Kwa miaka mingi Kifaransa ndicho kilichotawala masomo ya madarasa ya juu. Mwishoni mwa 2008 serikali ikaamua Kiingereza kichukue nafasi hiyo. Dawati haliwezi kuisoma amri ya serikali, lakini majina yanapoitwa asubuhi linasikia mtoto anaitika vipi:

Baba aliitika "wi", mwana aitika "yesi"

Mizani kumi na sita, na humo mna mabadiliko ambayo insha ingeyatumia kurasa mbili.

Alama nyingine ni zamu. Tangu 2009 shule nyingi za msingi zilianza kupokea kundi moja asubuhi na jingine mchana, kwa kuwa watoto walizidi vyumba na walimu. Watu wawili wanamiliki sehemu ileile ya benchi na huenda hawajawahi kusalimiana. Anayewajua wote wawili ni dawati peke yake. Kutokana na hilo tulipata ubeti wa kwanza, niunukuu wote:

Asubuhi ni wa kwanza, mchana huja wa pili
Joto lake nalitunza, mwenziwe hulikubali
Kwa kisu wamenifunza, majina yao kamili
Msumari umetoka, mbao haijavunjika

4. Hesabu mizani kwa viganja

Kila mshororo una nusu mbili, na kila nusu ina mizani nane. Rudi sasa kwenye "wakubwa na hata wadogo": wa-ku-bwa-na-ha-ta-wa-do-go. Ni tisa. Ukiona imezidi moja, tafuta neno la kujazia. Hapa ni "hata", ambalo halifanyi kazi yoyote. Mara nyingi mizani inayozidi inakuonyesha yenyewe mahali ulipolegea.

Kinachowatatiza wengi ni herufi m. Katika "mchana" inasimama yenyewe: m-cha-na, mizani tatu. Katika "mbao" inaungana na b: mba-o, mbili. Katika "mwana" inaungana na w: mwa-na. Jicho haliwezi kukuamulia. Soma kwa sauti, piga kiganja kimoja kwa kila mizani, mwenzako ahesabu. Katika ubeti ule wa kwanza, vina vya kati ni -nza na vya mwisho ni -li kwa mishororo mitatu. Kibwagizo kimeachwa na kina chake cha -ka kila upande, jambo linalokubalika.

5. Kibwagizo kitoke kwa fundi

Kibwagizo cha kwanza walichonipa kilikuwa cha machozi na kumbukumbu. Kingeweza kuwa cha mwembe, cha bibi, cha daraja la mto Rusizi. Nikawatuma kwa fundi seremala. Aliwaeleza kwamba mbao huwa haivunjiki kwanza. Watoto hujitikisa huku na huku, tundu la msumari linapanuka, kichwa cha msumari kinainuka kidogo kidogo na kuanza kuchana kaptura. Akigongelea msumari palepale, baada ya muda unatoka tena, maana tundu limeshakuwa pana. Inabidi atoboe pembeni.

Ndipo kikapatikana "Msumari umetoka, mbao haijavunjika". Katika ubeti wa kwanza ni lalamiko la kawaida. Baada ya ubeti wa 1994 maneno ni yaleyale, lakini msumari si msumari tu tena. Kibwagizo kinachosema jambo lilelile mara saba kinachosha. Hiki kilibadilika bila kuguswa.

6. Angalia upande wa chini

Ukipewa mada hii na ukakwama, subiri wanafunzi watoke, kisha lala sakafuni ulitazame dawati kwa chini. Huko hakuna anayesugua. Utakuta bazoka iliyokauka, hesabu za kuibia mtihani, na pengine penseli ya fundi aliyepima kabla ya kukata. Andika unachokiona huko kabla hujaandika neno "kumbukumbu". Ukimaliza, lifute neno hilo kila lilipojipenyeza.