Hesabu ya Mizinga Ishirini: Mpango wa Biashara ya Asali kwa Vikundi vya Ndundu

Vikundi vinavyoomba mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri kwa ajili ya ufugaji nyuki hupaswa kuwasilisha mpango wa biashara. Kosa kubwa katika mipango hiyo ni kuhesabu mavuno kwa idadi ya mizinga iliyonunuliwa. Mzinga hautoi asali. Nyuki ndio hutoa. Somo hili linafuata kikundi cha mfano chenye mizinga 20 ya kisasa ya viunzi vya juu. Bei zote ni za mfano, na kila kikundi kiweke bei zake.

Tuseme mzinga mmoja hugharimu shilingi 80,000, yaani jumla ya shilingi 1,600,000. Mizinga hutundikwa kabla ya msimu wa maua, viunzi vikiwa vimepakwa nta ili kuvuta makundi ya nyuki, na waya za kutundikia zikiwa zimepakwa grisi kuzuia siafu na sisimizi. Hata hivyo, mwaka wa kwanza si yote itakayopata nyuki. Kikundi chetu kinakadiria mizinga 12. Mizinga isitundikwe karibu na mashamba ya mikorosho yanayopuliziwa dawa, kwa sababu dawa nyingi za wadudu huua nyuki pia.

Mavuno hufuata maua, si kalenda. Hapa pwani mvua za masika na za vuli huongoza uchanuaji wa miti mingi, hivyo mfugaji hukagua mizinga baada ya kila msimu wa maua. Sega lililoiva ni lile ambalo nyuki wamelifunika kwa nta angalau theluthi mbili ya vyumba vyake. Sega lililo wazi lina asali yenye maji mengi. Asali yenye maji zaidi ya asilimia 20 haifikii kiwango cha kimataifa na huchacha kwa urahisi: hutoa povu, hunuka kama pombe na kusukuma kifuniko cha chombo. Masega yenye majana yasiguswe, na sehemu ya asali iachwe kuwa chakula cha nyuki.

Baada ya kuvuna jioni kwa bomba la moshi, masega hukatwa na kuchujwa kwa kitambaa safi, bila kuyachemsha, kwani moto huharibu harufu na ubora. Asali hutulia siku mbili au tatu ndani ya ndoo safi ya chakula yenye kifuniko kinachobana, kisha povu na mabaki ya nta huenguliwa juu. Kifuniko ni muhimu mno katika hewa yetu ya delta, kwa kuwa asali hunyonya unyevu wa hewani.

Sasa tuingie sokoni. Tuseme kila mzinga wenye nyuki umetoa kilo 7 zilizochujwa: mizinga 12 itatoa kilo 84. Lita moja ya asali ina uzito wa takriban kilo 1.4, hivyo kilo hizo ni lita 60 tu. Mnunuzi anayelipa shilingi 10,000 kwa lita atatoa shilingi 600,000. Anayelipa shilingi 8,000 kwa kilo, ambayo masikioni ni bei ndogo zaidi, atatoa shilingi 672,000. Kabla ya kukubali bei, uliza kwanza kipimo.

Njia ya tatu ni kufungasha. Kilo 84 hujaza chupa 168 za nusu kilo. Zikiuzwa shilingi 6,000 kila moja kwa wasafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam–Lindi, zitaleta shilingi 1,008,000. Tukitoa shilingi 1,000 kwa kila chupa na lebo yake, hubaki shilingi 840,000, kabla ya nauli na kazi. Lebo ioneshe jina la mzalishaji, uzito na tarehe ya kuvuna. Mauzo ya chupa huenda polepole, hivyo kikundi kinaweza kuuza sehemu ya asali kwa jumla ili kupata fedha za haraka.

Tazama tofauti. Mpango unaohesabu mizinga yote 20 ungetarajia kilo 140 na shilingi 1,400,000, na fedha ya mizinga ingeonekana kurudi baada ya mwaka mmoja na ziada. Kwa mizinga 12, inahitaji karibu miaka miwili. Mkopo huu hauna riba, lakini marejesho yana tarehe, na tarehe hiyo haisubiri nyuki waingie. Kikundi kiombe ratiba inayoanza baada ya mavuno ya kwanza, au kianze na mizinga michache na kuongeza kadiri inavyojaa nyuki.

Kabla ya kuwasilisha maombi, kikundi kipeleke hesabu yake kwa Afisa Nyuki wa Wilaya, kikionesha kwa mistari tofauti mizinga iliyonunuliwa na mizinga inayotarajiwa kuwa na nyuki.