Safari ya Yai Maabarani: Hatua za Kupandikiza Mimba

Kila hedhi inapoanza, vifuko kadhaa vidogo vyenye mayai huanza kukua ndani ya ovari. Kwa kawaida kimoja hukua kuliko vyote na kutoa yai, vingine hunyauka. Kazi ya sindano za mwanzo ni kuvifanya hivyo vingine navyo vikue. Ni homoni inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo kila siku, kuanzia siku ya pili au ya tatu ya hedhi, kwa siku 8 hadi 14. Wanawake wengi hujichoma wenyewe nyumbani wakishafundishwa. Dawa nyingine huzuia mayai yasitoke kabla ya wakati.

Daktari hupima vifuko kwa ultrasaundi kila baada ya siku chache. Baadhi vikifikia upana wa milimita 18 hivi, hutolewa sindano ya kukomaza mayai, na hii haina mchezo na saa. Mayai huvunwa baada ya saa 36 hivi: aliyechomwa Jumatatu saa 4 usiku huvunwa Jumatano saa 4 asubuhi. Wakichelewa sana, mayai hutoka yenyewe na kupotelea tumboni.

Uvunaji huchukua kama dakika 20. Mwanamke hupewa dawa ya usingizi, kisha sindano ndefu hupitishwa ukeni ikiongozwa na ultrasaundi, ikifyonza maji ya kila kifuko. Baada ya hapo, tumbo likivimba haraka, mkojo ukipungua au pumzi ikibana, arudi hospitali siku hiyohiyo. Huenda ovari zimezidiwa na dawa.

Maabarani, mayai huchanganywa na mbegu za kiume; zikiwa dhaifu, mbegu moja hudungwa ndani ya kila yai. Hapa ndipo idadi hupungua, na wengi huvunjika moyo kwa kutoambiwa mapema. Tuseme yamevunwa mayai 10. Huenda 8 yakawa yamekomaa, na kesho yake 6 yakaonekana yamerutubishwa. Siku ya tano, viinitete vilivyoendelea vizuri vinaweza kuwa 2 au 3 tu. Hilo halimaanishi kwamba kuna aliyekosea.

Kupandikiza ndiyo hatua nyepesi kuliko zote. Mara nyingi haihitaji dawa ya usingizi. Kibofu kikiwa kimejaa, mrija mwembamba laini hupitishwa kwenye mlango wa kizazi na kuacha kiinitete ndani. Kimoja kwa kawaida hutosha, kwa kuwa mimba ya mapacha ina hatari zaidi; vilivyobaki hugandishwa.

Mimba hupimwa kwa damu baada ya wiki mbili hivi. Anayeharakisha kupima mkojo nyumbani anaweza kudanganyika: sindano ya kukomaza mayai mara nyingi huwa na homoni ileile ambayo kipimo cha mimba huitafuta, na mabaki yake hukaa mwilini kwa siku kadhaa.