Kukata Kimeo kwa Watoto Wachanga

Swali: Mtoto wa miezi 5 anakohoa, koo linamuuma na amekataa ziwa. Bibi anashauri akatwe kimeo. Eleza hatari iliyopo na hatua za kuchukua.

Jibu: Kimeo ni kinyama kinachoning'inia nyuma ya kaakaa. Kikohozi hiki hutokana na maambukizi, na wembe hauyaondoi. Jeraha la kooni halifungwi bandeji. Damu humezwa bila kuonekana, mtoto akapauka na kulegea. Wembe mchafu huweza kuleta pepopunda.

Kwa mafua ya kawaida, mama huendelea kunyonyesha na kuhesabu pumzi za mtoto aliyetulia kwa dakika nzima. Katika umri huu, pumzi 50 au zaidi, au kifua kubonyea ndani, huashiria nimonia. Lakini huyu amekataa ziwa: apelekwe kituo cha afya mara moja, bila kusubiri kuhesabu.