Kupandisha kikomo cha mkopo wa simu kwa pesa yako ya kweli

Nauza mafuta ya alizeti hapa Chamwino, ya rejareja na ya dumu. Wenzangu sokoni huniuliza kwa nini mimi naruhusiwa kukopa laki kwenye simu, na wao wanaambiwa elfu tano, au wanajibiwa kuwa hawakidhi vigezo. Mara nyingi wao ndio wenye mauzo makubwa kuliko mimi. Tofauti ni kwamba mauzo yao yanaishia kwenye mkoba wa kiunoni, na mfumo wa simu hauuoni mkoba.

Tangu M-Pawa ilipozinduliwa Mei 2014 na Vodacom pamoja na benki ya CBA, mikopo ya namna hii haidai hati ya shamba wala mdhamini. Badala yake inasoma kumbukumbu za laini: pesa inayoingia na kutoka, akiba unayoacha, na jinsi ulivyolipa mikopo ya nyuma. Kanuni kamili ya kukokotoa hawaitangazi, lakini hayo yanatosha kujua pa kuanzia.

Anza na jina. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Vijijini kwetu, kuanzia Buigiri hadi Mvumi, utamkuta mama anafanya biashara kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka yake. Miamala yote anayoifanya inamjengea kaka sifa, na deni likichelewa ni la kaka pia. Sajili laini yako mwenyewe, kisha ukae nayo. Ukiwa na laini tatu za mitandao mitatu, historia yako inagawanyika vipande vitatu na kila mtandao unaona mtu mwenye kipato kidogo.

Baada ya hapo, pitisha biashara yenyewe humo. Mimi huwaomba wateja wa madumu wanitumie kwa simu, na mwenye mashine ya kukamua namlipa kwa simu pia. Umeme wa LUKU nanunua humo humo. Makato yapo, kwa hiyo hela ndogondogo za vipimo vya rejareja naziacha zibaki taslimu. Pesa ikiingia, siitoi yote kwa wakala siku hiyo hiyo; kiasi fulani nakiacha kama akiba hadi siku ya kununua mzigo.

Kuna wanaozungusha hela: anamtumia mdogo wake laki mbili, mdogo anazirudisha, jioni wanarudia. Kila mzunguko unakatwa ada, na kinachoonekana ni namba mbili zinazorushiana kiasi kile kile bila mteja wa tatu. Hata mfumo ukidanganyika, utapewa mkopo mkubwa usiolingana na mauzo yako, na siku ya kulipa itakukuta huna kitu. Na yeyote anayekuambia atakupandishia kikomo ukimpa namba ya siri, huyo ni mwizi.

Sasa hesabu, maana kikomo kikubwa si faida. Tuseme ada ni asilimia 9 kwa siku 30. Nakopa 80,000 ninunue dumu moja la lita 20, naliuza 86,000. Faida ni 6,000, lakini ada ni 7,200, nimepoteza 1,200. Mkopo huo una maana kwangu iwapo tu hela ile ile inazunguka mara mbili ndani ya mwezi: faida 12,000, toa 7,200, nabaki na 4,800. Kwa hiyo sikopi kabla ya kuwa na mteja wa dumu la kwanza, na wa pili awe ameshaulizia. Nikishauza la pili nalipa deni lote siku hiyo, bila kungoja ya thelathini. Ada ikiwa ya mara moja, kulipa mapema hakuipunguzi, ila kumbukumbu inabaki safi. Ukichelewa, mikopo mingi hukuongezea ada juu ya baki, na taarifa zako zinaweza kufika kwenye kanzidata ya wakopaji ambayo benki nazo huisoma.

Songesha ni kitu kingine. Hiyo inakujazia pengo salio lisipotosha, halafu inajikata yenyewe pesa inapoingia. Ukiwa na deni lake, mwambie mapema mwenye mashine, maana hela ya mteja uliyoitegemea kumlipa itafika imepungua.

Shida yetu ya Dodoma ni msimu. Alizeti huvunwa kuanzia Mei hivi, pesa inamiminika miezi michache, kisha Desemba tunaingia shamba na laini inanyamaza. Kikomo kinaweza kushuka wakati huo. Mimi naendelea na malipo yale ya kweli niliyonayo, LUKU na karo, na kuweka akiba ndogo kila mnada. Sikopi mbegu kwa mkopo huu hata kikomo kikiruhusu: unadaiwa baada ya siku 30, na alizeti inataka miezi mitatu na zaidi shambani.