Mafuta ya Kukaangia Yanapochakaa

Mafuta yaliyokaanga samaki jana yanaweza kutumika tena leo, yakiachwa yapoe, yakachujwa kwa kitambaa safi na kufunikwa mbali na mwanga. Uchujaji ndio hupuuzwa zaidi, ilhali unga unaobaki chini ya karai huungua na kuyaharibu upesi.

Kila yanapopashwa moto, joto, hewa na maji ya chakula huyavunjavunja. Huwa mazito, na samaki hutoka akiwa amenywa mafuta mengi kuliko kawaida. Yakitoa moshi mapema, povu lisilotulia au harufu kali, yatupwe. Kuyaongezea mapya hakuyafufui. Mapya nayo huchakaa haraka. Samaki wa kupikwa kwa mvuke hahitaji mafuta hayo kabisa.