Usiahidi mzigo wa mtu mwingine

Ni Jumatatu asubuhi. Stoo yako ya vifaa vya ujenzi ina mifuko 200 ya saruji. Mteja anapiga simu, anataka 60. Kabla hujamjibu "ipo, njoo", fungua mfumo usome namba tatu.

Ahidi kwa namba ya tatu. Namba ya kwanza ni mzigo uliopo: mifuko yote iliyomo stoo, yaani 200. Ya pili ni mzigo uliotengwa, ambao uko stoo lakini una mwenyewe. Tuseme mkandarasi ameshikiwa mifuko 120 atakayochukua Ijumaa, na duka la rejareja limeshikiwa 50 za kesho. Jumla 170. Toa 170 kwenye 200, unabaki na 30. Hiyo ndiyo namba ya tatu, mifuko huru, na ndiyo pekee unayoweza kuahidi leo.

Gawa ahadi kwa siku. Jumatano linaingia lori lenye mifuko 300, na 250 kati ya hiyo imeshaagizwa na wateja wengine. Lori linakuachia 50 huru. Basi mjibu mteja hivi: "Kaka, 30 chukua leo, 30 nyingine njoo Alhamisi." Alhamisi inakupa nafasi ya kushusha mzigo, kuuhesabu na kuuingiza kwenye mfumo.

Thibitisha oda hapo hapo. Akikubali, iingize na uithibitishe kabla hujapokea simu nyingine. Mzigo uliotengwa unapanda hadi 200 na mzigo huru unakuwa sifuri. Stoo bado imejaa, lakini muuzaji mwenzako wa kaunta akifungua mfumo anajua hana cha kuuza leo. Kumbuka kwamba kwa kawaida proforma peke yake haishiki mzigo. Mteja aliyepewa proforma mwambie wazi kwamba mifuko itashikwa akishathibitisha, na umwekee siku ya mwisho.

Ukitaka kuhamisha, hamisha kwa utaratibu. Huenda mteja wako anazihitaji zote 60 leo. Mkandarasi anachukua Ijumaa na lori linaingia Jumatano, kwa hiyo unaweza kuazima 30 kwenye fungu lake na kumrudishia kutoka kwenye zile 50 za lori. Mpigie mkandarasi kwanza. Akikubali, achia fungu lake kwenye mfumo, mtengee mteja mpya 60, kisha mtengee mkandarasi 90 zilizobaki. Kwenye Odoo, kitufe cha kuachia ni `Unreserve` na cha kutenga ni `Check Availability`. Lori likishaingizwa, bonyeza tena cha kutenga kwenye oda ya mkandarasi ili apate 30 zake kabla ya mtu mwingine. Fanya hivi pale tu ambapo lori likichelewa siku moja bado utamtimizia. Lori likiwa la Alhamisi jioni, usiguse fungu lake.

Usichanganye makadirio na mzigo huru. Mifumo mingi ina namba nyingine inayojumlisha mzigo ulio njiani na kutoa oda zote zinazosubiri kutoka. Odoo inaiita `Forecasted`. Hapa, kabla ya oda mpya, ingesoma 80: zile 30 za leo na 50 za lori. Ukiitumia kumjibu mteja wa leo, utauza mifuko iliyo barabarani.

Funga oda kabla ya kuhesabu stoo. Hapa ndipo hesabu nyingi huharibika. Tuseme mkandarasi amekuja kuchukua 120 zake na hakuna aliyefunga utoaji kwenye mfumo. Mfumo bado unasoma 200 wakati sakafuni kuna 80. Mtu akihesabu na kusahihisha 200 kuwa 80 huku fungu la 120 bado limetengwa, zile 120 zinatolewa mara mbili. Mifumo mingine itakuonyesha mzigo huru hasi, mingine itavunja kimyakimya fungu la mteja asiyehusika. Ukikuta namba hasi, tafuta kwanza oda iliyotoka bila kufungwa. Usikimbilie kurekebisha idadi.

Ondoa mifuko mibovu kwenye hesabu. Mifuko iliyoganda au kupasuka bado inasomeka kama mzigo uliopo. Ihamishie kwenye eneo la mali mbovu siku hiyo hiyo uliyoiona. Kwa mifuko 30 huru, 8 ikiwa imeganda, ahadi yako halisi ni 22.

Weka utaratibu huu kwa kila anayepokea simu dukani: asome mzigo huru, ataje siku, kisha athibitishe oda kabla hajakata simu. Mtu mmoja akiuza kwa kuangalia stoo kwa macho, namba za wote zinaharibika.