Dondoo muhimu: Simu imejaa jumbe, ujibu upi kwanza?

Mwenye duka mmoja wa Mute anawasha simu baada ya siku nzima bila mtandao. Jumbe zinamiminika: wateja wanauliza bei ya mchele, ndugu wanasalimia, kampuni ya simu inatangaza ofa. Namba asiyoijua inadai imemtumia meticali 3,000 kimakosa, arudishe upesi.

Hajibu lolote kwanza. Anabonyeza *150# na kutazama salio lake la M-Pesa. Halijaongezeka. Ujumbe ule una neno "Confirmado" kama wa kweli, ila umetoka kwenye namba ya kawaida inayoanza na 84, si kwa jina M-Pesa. Anaufuta. (Hata jina si kinga kamili, maana huigwa, salio ndilo shahidi.)

Zinazobaki anazipanga kwa swali moja: nani atapata hasara nikichelewa? Salamu na bei zinaweza kungoja jioni. Msambazaji wa Mocímboa da Praia, aliyeuliza oda, hawezi, kwa kuwa lori lake linapakia alfajiri, na barabarani huko gari likishapita haliitwi tena.

Kwa hiyo anamjibu huyo peke yake, kwa ujumbe usioacha swali: "Shikamoo kaka. Nipakilie mchele magunia 4 ya kilo 25, sukari gunia 1. Bei ile ile ya mwisho. Ikipanda, nipigie kabla hujapakia. Nusu nalipa leo, nusu mzigo ukifika."